Barua pepe za kusomwa kwenye simu: anza na lile unaloomba

*"Wakuu, nipo ofisi ya uwakala wa forodha. Wateja wetu karibu wote wanasoma imeili kwenye simu na hawajibu mpaka nipige. Bosi anasema barua zangu ni ndefu. Nikifupisha naona kama nawakosea adabu, wengi ni watu wazima. Mnafanyaje?"*

Mkuu, nipo kwenye kazi hiyohiyo hapa Dar mwaka wa 9 sasa, na hili limeshanigharimu mteja kulipa storeji ambayo hakustahili kulipa. Nitakueleza lilivyotokea, maana ndilo lililonibadilisha uandishi.

Mteja ni mzee wa Kariakoo, anauza marumaru. Kontena lake la futi 20 lilikuwa limeshuka, kadhia ya forodha imefanyiwa makadirio, kontrol namba imetoka. Kilichobaki ni yeye kulipa kodi. Nikamwandikia Jumanne asubuhi. Kichwa kilikuwa "YAH: TAARIFA KUHUSU MAENDELEO YA UTOAJI WA MZIGO WAKO BANDARINI", na barua ilianza hivi:

> Ndugu mteja, husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu. Awali ya yote tunapenda kukushukuru kwa kuendelea kutumia huduma zetu. Kwa barua hii tunapenda kukutaarifu kuwa meli iliyobeba mzigo wako iliwasili salama, kontena limepakuliwa, na nyaraka zote zimewasilishwa forodha ambako kadhia yako imeshafanyiwa makadirio kama inavyoonekana kwenye kiambatisho...

Iliendelea hivyo, na kule chini kabisa ndipo palipoandikwa: "Hivyo basi tunaomba ufanye malipo ya kodi kwa kontrol namba iliyoambatishwa kabla ya siku za bure kuisha, ili kuepuka gharama zisizo za lazima."

Jumatano ya wiki iliyofuata akaja ofisini, na storeji ya siku nne ilikuwa imeshahesabiwa. Hakunigombeza. Alitoa simu, akanionyesha orodha ya barua zake, akaniuliza: "Mwanangu, hapa ningejuaje kama unataka hela?" Nikatazama. Chini ya jina la ofisi yetu palisomeka "YAH: TAARIFA KUHUSU MAENDELEO YA…" na chini yake "Ndugu mteja, husika na kichwa cha habari tajwa…". Mwisho. Aliona ni taarifa, akasema ataisoma jioni akifunga duka, na jioni zikawa zimeingia nyingine juu yake.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba urefu wa barua haukuwa kosa kubwa. Mzee hata hakuifungua. Kwenye simu mtu anaamua kufungua au kuacha kwa kutazama vitu vitatu tu: jina la mtumaji, mwanzo wa kichwa, na mwanzo wa barua yenyewe. Kwenye Gmail ya simu, ule mstari wa kijivu chini ya kichwa ni maneno yako ya kwanza, yanachukuliwa kama yalivyo. iPhone inaonyesha mistari miwili usipobadilisha mipangilio. Sisi tuliofundishwa kuandika barua za kiofisi tunaijaza nafasi hiyo kwa "husika na kichwa cha habari", ambayo kwenye karatasi ina kazi yake, ila kwenye simu inakula mahali pekee ambapo mteja angeona anaombwa nini.

Sasa naandika hivi. Barua ya kwanza naiandika kama nilivyozoea, kwa urefu wake, bila kujibana. Nikimaliza natafuta sentensi inayoanza na "hivyo basi", "kwa hiyo tunaomba" au "tunakusihi". Karibu kila mara ndiyo hiyo barua yenyewe. Yote yaliyo juu yake ni maelezo ya kwa nini unaomba. Naikata, naipandisha iwe ya kwanza, halafu nasoma yaliyobaki na kujiuliza lipi mteja analihitaji ili afanye ninachoomba. Kwamba meli imefika salama, halihitaji, angekuwa na kodi ya kulipa vipi kama haijafika? Linaondoka.

Barua ileile ya mzee, ningeiandika leo, ingekuwa hivi:

> Kodi ya kontena 417: mwisho Ijumaa
>
> Mzee, shikamoo. Naomba ulipe TSh 18,640,000 kabla ya Ijumaa tarehe 14, saa 6 mchana. Ni kodi ya kontena la marumaru linaloishia 417.
>
> Kontrol namba:
> 99XXXXXXXXXX
>
> Siku za bure zinaisha Jumamosi. Ukilipa Ijumaa, Jumamosi tunalitoa. Likilala mpaka Jumapili, storeji inaanza.
>
> Ukishalipa nijibu neno moja tu: TAYARI.
>
> Makadirio yote ya forodha yamo kwenye PDF. Nakutakia biashara njema, wasalimie nyumbani.

Angalia kichwa kwanza. Kina herufi 34 ukihesabu na nafasi, na kwenye simu nyingi nilizojaribu kinaonekana chote au karibu chote simu ikiwa wima. Hata kikikatwa mwishoni, "Kodi ya kontena 417" imeshamfikia. Sikuandika "Lipa kodi", maana kumwamrisha mtu mzima kwenye kichwa cha barua hapana. Kutaja kitu na siku yake ya mwisho kunatosha, anajua mwenyewe cha kufanya.

Na hapa nakuja kwenye adabu, kwa sababu naona ndiyo inayokusumbua zaidi. Adabu yetu haiko kwenye urefu. "Mzee, shikamoo" ni maneno mawili na yamebeba heshima kuliko "tunapenda kukushukuru kwa kuendelea kutumia huduma zetu", ambayo kila mtu anajua imenakiliwa. Salamu ya kumfaa mtu huyo iache mwanzoni, iwe fupi, ombi lifuate kwenye mstari uleule ili vyote viwili vionekane kabla hajafungua. Shukrani, pole, kuulizia familia, vipeleke mwisho. Huko hakuna anayeviharakia, na mtu akimaliza kusoma anabaki na neno zuri. Tangu nibadilishe sijapata mteja aliyelalamika kuwa namdharau. Mama mmoja wa Kigali ninayemtolea mizigo aliniambia zamani alikuwa akiona barua zetu anahisi kuna tatizo limetokea, kwa jinsi zilivyokuwa zinazunguka.

Kontrol namba imekaa peke yake kwenye mstari kwa makusudi. Mteja anaibonyeza kwa muda, anainakili, anaenda kuibandika kwenye programu ya benki. Ukiichomeka katikati ya sentensi anahangaika kuichagua kwa kidole. Ukiigawa kwa nafasi ili "isomeke vizuri", simu inachagua kipande kimoja tu na malipo yanakataa. Usiiache ndani ya PDF pekee. PDF ya karatasi ya A4 kwenye simu ni maandishi ya kuvuta kwa vidole viwili, na mtu aliyesimama dukani hatafanya hivyo. Majedwali nayo ni hivyohivyo: safu tano ulizopanga vizuri kwenye kompyuta zinatoka nje ya skrini, anaona jina la bidhaa haoni bei. Jumla moja iandike kwenye barua, mchanganuo uache kwenye kiambatisho.

Kuhusu aya, mimi kipimo changu ni sentensi mbili au tatu, kisha mstari mtupu. Maneno yetu ni marefu, neno kama "yatakayowasilishwa" peke yake linakula karibu nusu ya mstari wa simu. Aya ambayo kwenye kompyuta ni mistari minne, kwenye simu yangu inafika kumi au zaidi, na inakuwa ukuta. Mara nyingi dawa ni kurudisha kitenzi mahali pake: badala ya "kufanya malipo" andika "kulipa", badala ya "zoezi la ukaguzi litafanyika" andika "watakagua".

Usiandike "kesho" wala "wiki hii". Barua ya simu inasomwa siku yoyote, na "kesho" ya Jumanne ikisomwa Alhamisi inakuwa siku nyingine. Kosa langu baya kuliko yote kwenye barua ile lilikuwa "kabla ya siku za bure kuisha", yaani mteja ndiye ahesabu, wakati mimi ndiye niliyekuwa na hesabu hiyo mkononi.

Barua moja, ombi moja. Nimejaribu kuweka mawili, kwamba alipe kodi na pia anitumie ankara iliyosahihishwa. Anajibu "Sawa", na hujui sawa ya lipi. Siku hizi natuma mbili zenye vichwa tofauti, hata kama zinapishana dakika tano. Na shauri likibadilika usijibu juu ya barua ya zamani yenye "Re:" ya mwezi uliopita, maana kwenye orodha yake inaonekana kama mazungumzo yaleyale aliyokwisha kuyamaliza.

Lakini kuna mahali ufupi unaumiza, na nimeshaumia. Baada ya tukio la mzee nilipitiliza, nikawa natuma mistari miwili: kiasi na kontrol namba, basi. Mteja mmoja mpya hakulipa, na nilipompigia akasema alidhani ni wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Alikuwa na haki. Barua fupi inayoomba pesa kwa haraka inafanana kabisa na ya tapeli. Ndiyo maana kwenye mfano nimeweka aina ya mzigo na namba za mwisho za kontena. Ni maneno machache, lakini tapeli wa kubahatisha ni vigumu avijue vyote hivyo kwa pamoja. Kwa mteja wa mara ya kwanza naongeza sentensi moja: "Ukiwa na wasiwasi nipigie kwenye namba uliyonayo." Kwenye namba aliyonayo, siiandiki mle ndani.

Pia si kila kitu kinafupishwa. Tukiwa na mgogoro wa makadirio, au mteja anatakiwa atambue kimaandishi kwamba amekubali gharama, naandika barua kamili yenye YAH na tarehe na sahihi, naiweka kwenye PDF. Barua pepe inabaki ya mistari minne: imeambatishwa barua gani, inasema nini kwa sentensi moja, unataka afanye nini, na lini.

Kabla ya kutuma kwa mteja, jitumie mwenyewe kwanza. Usiifungue. Toka nje juani, shika simu kwa mkono mmoja, tazama orodha tu. Kama hujajua unaombwa nini na mwisho ni lini, rudi ndani uandike upya mstari wa kwanza. Mimi bado nafanya hivyo kwa kila barua yenye tarehe ya mwisho.