Kampuni Inaponunua Hisa Zake Yenyewe: Soma Mtaji Kabla ya Faida kwa Kila Hisa

Mwaka 2021, Nation Media Group, ambayo hisa zake zimeorodheshwa Nairobi na pia katika soko la hisa la Kampala, ilitangaza kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kutoka kwa wanahisa wenyewe kwa shilingi 25 za Kenya kila moja. Wanachama wa kikundi cha uwekezaji ninachokisaidia kusoma hesabu hapa Kampala waliniuliza kama wauze au wabaki, nami niliwajibu kwamba kabla ya kujadili bei ni lazima kwanza tuelewe ununuzi huo unabadilisha nini katika vitabu vya kampuni. Nimeendelea kulijibu swali hilo kwa mfano mmoja wa kubuni, na ndio ninaouleta hapa.

Chukua kampuni yenye hisa milioni 10, kila moja ikiwa imeandikishwa kwa thamani ya shilingi 100. Mtaji wake wa hisa ni shilingi milioni 1,000, ziada iliyopatikana wakati hisa zilipouzwa juu ya thamani hiyo ni milioni 500, na faida iliyolimbikizwa ni milioni 2,500. Jumla ya mtaji wa wanahisa ni milioni 4,000, yaani shilingi 400 kwa kila hisa. Kampuni hupata faida ya milioni 600 kwa mwaka baada ya kodi, hivyo faida kwa kila hisa ni shilingi 60, na hisa inauzwa sokoni kwa shilingi 500.

Tarehe 1 Oktoba, kampuni inayofunga hesabu zake Desemba inanunua hisa milioni moja kwa bei hiyo ya 500 na kuzishikilia bila kuzifuta. Fedha taslimu zinapungua kwa milioni 500. Wengi hutarajia kwamba upande wa pili wa ingizo hilo ni mali, kama vile kampuni imewekeza katika hisa za kampuni nyingine, lakini haiwezekani kampuni ijimiliki yenyewe na kuhesabu umiliki huo kuwa utajiri. Kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 32, ambacho makampuni yaliyoorodheshwa Uganda hukifuata pamoja na viwango vingine vya familia hiyo, kinaagiza kwamba gharama ya hisa hizo za hazina ikatwe moja kwa moja kwenye mtaji wa wanahisa. Mstari mpya wenye alama ya kutoa unaonekana ndani ya mtaji, na jumla inashuka hadi milioni 3,500. Mtaji wa hisa wenyewe unabaki milioni 1,000, kwa kuwa hisa hazijafutwa.

Angalia sasa wale waliobaki. Ukigawa milioni 3,500 kwa hisa milioni 9 zilizo mikononi mwa watu, unapata takriban shilingi 389 badala ya 400. Wameshuka kwa sababu kampuni ililipa 500 kwa kitu ambacho vitabuni kilikuwa na thamani ya 400. Hilo peke yake si kosa, maana thamani ya vitabuni si thamani ya biashara, lakini ni jambo ambalo mkurugenzi anayejisifu kwa ununuzi huo hatalitaja.

Faida kwa kila hisa inakwenda upande mwingine, na hapa ndipo ninapowaomba wasomaji watulie. IAS 33 inataka idadi ya hisa ipimwe kwa muda zilipokuwa nje: miezi tisa ya hisa milioni 10 na miezi mitatu ya hisa milioni 9 hutoa wastani wa milioni 9.75. Hata hivyo, zile milioni 500 hazikuwa zimelala bure. Tuseme zilikuwa katika amana ya muda maalumu zikizaa asilimia 10, na baada ya kodi ya makampuni ya asilimia 30 zikabaki asilimia 7, yaani milioni 35 kwa mwaka. Katika mwaka kamili unaofuata, faida itakuwa milioni 565 badala ya 600, na ukiigawa kwa hisa milioni 9 unapata karibu shilingi 62.8. Faida halisi imeshuka kwa karibu asilimia 6, ilhali faida kwa kila hisa imepanda kwa karibu asilimia 5. Ripoti ikitaja namba ya pili tu, msomaji ataamini biashara imekua.

Kinachoamua mwelekeo ni kipimo rahisi. Shilingi 60 za faida kwa bei ya 500 ni asilimia 12, nayo ni zaidi ya zile asilimia 7 zilizotolewa kafara. Kama hisa ingeuzwa kwa 1,000, fedha zilezile zingenunua hisa laki tano tu. Milioni 565 kwa hisa milioni 9.5 ni kama shilingi 59.5, yaani chini ya ilipoanzia. Kampuni inayokopa ili inunue hisa hufanyiwa kipimo hichohicho, ila riba ya mkopo baada ya kodi ndiyo inayochukua nafasi ya riba ya amana.

Baadaye kampuni yetu inauza tena hisa laki nne kwa shilingi 650. Zilinunuliwa kwa milioni 200 na zimeleta milioni 260. Niliwahi kuletewa rasimu ya hesabu ambamo tofauti ya namna hii ilikuwa imewekwa katika mapato mengine, na mtayarishaji wake akaitetea kwa kusema, "Lakini mzee, fedha zimeingia benki." Zimeingia, ndiyo, ila zimetoka kwa wenye kampuni, na kupokea fedha kwa wenye kampuni si kupata faida. Milioni 60 hizo huenda kwenye akiba ndani ya mtaji bila kupitia taarifa ya mapato, na kama hisa zingeuzwa kwa hasara, hasara hiyo nayo ingebaki humohumo.

Hisa laki sita zilizosalia, zenye gharama ya milioni 300, zikifutwa, jumla ya mtaji haibadiliki tena hata kidogo, kwa kuwa ilishapungua siku ya ununuzi. Gharama hiyo inahamishwa kwenye faida iliyolimbikizwa, na mtaji wa hisa unapungua kwa milioni 60. Chini ya sheria za kampuni zenye asili ya Uingereza, kiasi hichohicho cha milioni 60 huwekwa katika akiba ya ukombozi wa mtaji, ambayo haigawiwi kama gawio, ili wadai wa kampuni wasikute mto wao wa usalama umepunguzwa kimyakimya. Kwa hiyo mwanahisa anayetegemea gawio aangalie mstari wa faida iliyolimbikizwa, kwani ndio uliobeba mzigo.

Ushauri wangu kwa anayeshika ripoti ya mwaka ni aanze na taarifa ya mabadiliko ya mtaji, kisha afanye hesabu moja ya haraka. Hisa za hazina hazilipwi gawio, hivyo agawe jumla ya gawio lililotangazwa kwa gawio la kila hisa. Jibu likilingana na idadi yote ya hisa zilizotolewa, ilhali maelezo ya hesabu yanasema kampuni ilikuwa inashikilia hisa zake siku daftari la wanahisa lilipofungwa, apeleke swali hilo kwa katibu wa kampuni kabla ya mkutano mkuu, na aombe jibu kwa maandishi.