Propranololi kwa mwenye pumu: soma mstari wa pili wa swali

Katika mitihani ya famakolojia ninayosahihisha hapa Chake Chake, kuna swali linalowaponza hata wanafunzi wazuri. Mwanamke wa miaka 34 amepungua uzito, mikono inamtetemeka na moyo unamwenda mbio, na vipimo vinaonyesha kwamba homoni za tezi ya shingo zimezidi. Ameanzishiwa karbimazoli. Mstari wa pili unaeleza kwamba ana pumu tangu utotoni na hutumia inhela ya salbutamoli, kisha mwanafunzi anatakiwa achague dawa ya kutuliza mapigo ya moyo.

Wengi huandika propranololi, na siwashangai. Karbimazoli huzuia homoni mpya zisitengenezwe, lakini zile zilizokwisha kuhifadhiwa ndani ya tezi huendelea kutoka kwa wiki kadhaa, na katika muda huo propranololi ndiyo dawa iliyozoeleka, kwa kuwa hupunguza mapigo na mtetemeko kwa pamoja. Laiti mgonjwa asingekuwa na pumu, jibu hilo lingepata alama zote.

Tatizo ni kwamba propranololi haichagui. Huziba vipokezi vya beta-1 vya moyo, na pia vile vya beta-2 vilivyomo kwenye misuli ya njia za hewa, ambavyo kazi yake ni kuzilegeza njia hizo zibaki wazi. Kwa mwenye pumu zinaweza kubana, hata kwa dozi ndogo, akasikia kifua kizito na pumzi ikatoka kwa mluzi. Kinachonitisha zaidi ni kitakachofuata: atavuta salbutamoli yake kama kawaida na asipate nafuu aliyoizoea, kwani salbutamoli hufanya kazi kupitia vipokezi vilevile vilivyozibwa. Ndiyo maana katika shambulio la namna hii huongezwa ipratropiamu, ambayo hupita njia nyingine.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza, "Mwalimu, kwani atenololi si huchagua moyo?" Swali zuri, ila uchaguzi wake si kamili na hupungua kadiri dozi inavyopanda, kwa hiyo haifai kuwa jibu la kwanza kwa mgonjwa huyu. Jibu ninalolipa alama ni diltiazemu, ambayo hupunguza mapigo bila kugusa vipokezi vya beta, ingawa mtetemeko wa mikono haitauondoa, na haifai iwapo moyo umedhoofika na hausukumi damu vizuri.

Ushauri wangu ni kuandika pembeni, kabla ya kutazama machaguo, ugonjwa wa pili wa mgonjwa na vipokezi unavyovitegemea, kisha kukata kila dawa inayovigusa. Fanyeni hivyo hata kwa matone ya macho, kwa sababu timololi ya presha ya jicho hupita kwenye mfereji wa machozi hadi puani, ikaingia kwenye damu na kubana kifua vilevile.