Je, Uislamu ulienea kwa upanga? Na waliofasiri vitabu vya Baghdad walikuwa nani?

SWALI: Assalamu alaykum shekhe. Kazini tuna mwenzetu Mkristo, mtu mwema, lakini kila mazungumzo yakifika kwenye dini husema Uislamu ulienea kwa upanga, na kwamba makhalifa waliwabana watu wa nchi walizoziteka mpaka wakasilimu. Nakosa la kumjibu. Tena akaongeza kuwa elimu ya Baghdad tunayojivunia ilifasiriwa na Wakristo. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, ilijuzu kuichukua kwao?

JIBU: Wa alaykumu salaam warahmatullahi wabarakatuh. Kila sifa njema ni za Allah, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, jamaa zake na masahaba zake.

Ndugu yangu, katika maneno ya mwenzako yamechanganywa mambo mawili: kuenea kwa dola na kuenea kwa dini. Dola ilienea kwa majeshi, na si haki kulikana hilo. Dini ilikwenda kwa mwendo wake, taratibu sana, na katika nchi nyingi ilichukua karne kadhaa. Nitakueleza kwa nchi moja tu, Misri, kwa sababu ya huko tunayo maandishi ya siku zile zile.

Amru bin Al-Aas (r.a.) aliingia Misri mwishoni mwa mwaka 639, zama za Sayyidna Umar bin Al-Khattab (r.a.), na jeshi ambalo wanahistoria wetu wanasema mwanzoni lilikuwa la watu wapatao 4,000. Ngome ya Babiloni ilianguka mwaka 641, na Iskandaria ikasalimu kwa mkataba mwaka huo huo. Kwa nini haraka hivyo? Misri ilikuwa imechoka. Waajemi walikuwa wameiteka kwa miaka kumi hivi, Warumi wakairudisha, kisha wakawaandama Wakibti, Wakristo wenyeji, kwa kutofautiana nao katika itikadi. Patriarki wao Benyamini alikuwa mafichoni kwa zaidi ya miaka kumi, na ni Amru aliyempa amani akarudi kwenye kiti chake. Watu wa namna hiyo hawakuwa na hamu ya kufa kwa ajili ya Kaisari.

Baada ya ushindi likaja swali la ardhi. Zubeir bin Al-Awwam (r.a.) alitaka igawanywe kwa wapiganaji kama ngawira. Amru akaandika Madina, na Sayyidna Umar akajibu iachwe. Hoja yake inajulikana zaidi katika suala la Iraq, pale aliposhika aya za Suratul Hashri zinazotaja mali isizunguke baina ya matajiri peke yao, kisha zikawataja "waliokuja baada yao". Akauliza: tukigawana leo, watakaokuja baadaye watapata nini? Hivyo mkulima akabaki shambani kwake akilipa kharaji, yaani kodi ya ardhi, na mwanamume mzima asiye Mwislamu akalipa jizya, ambayo kwa Misri inapokewa kuwa dinari 2 kwa mwaka. Wanawake na watoto hawakutozwa. Wanajeshi wakakaa Fustat, mji wao mpya, wakilipwa posho kutoka daftari la dola, na mashamba hayakuwa yao.

Sasa nikuonyeshe kitu kimoja. Katika maktaba ya taifa huko Vienna, Austria, kuna kipande cha mafunjo, ile karatasi ya kale ya Misri. (Neno letu "karatasi" lenyewe limetoka katika Kiarabu qirtas, na qirtas asili yake ni hayo hayo mafunjo.) Ni risiti ya mwezi wa Jumadal Ula mwaka 22 Hijria, yaani mwaka 643, wakati Sayyidna Umar angali hai. Amiri aitwaye Abdallah bin Jabir amefika na askari wake mji wa Ihnas na amechukua kondoo kwa ajili ya chakula chao. Juu kumeandikwa Kiyunani, chini Kiarabu kinachoanza na Bismillahi Rahmani Rahim. Kiarabu kinafafanua: kondoo 50 wa kuchinjwa na 15 wengine. Kiyunani kinasema kondoo 65, kwa tarakimu na kwa maneno, "na si zaidi". Mgongoni mwa karatasi imeandikwa kuwa kondoo hao wahesabiwe katika kodi. Aliyeandika sehemu ya Kiyunani amejitaja: Yohana, karani na shemasi.

Tazama hapo, ndugu yangu. Jeshi lililoshinda vita juzi tu linamwandikia mwenyeji risiti ya kondoo wake, na anayeiandika ni shemasi wa kanisa, katika lugha ya mwenye kondoo. Wakuu wa wilaya wanaopokea risiti hiyo nao ni Wakristo wenyeji, walewale waliokuwepo zama za Warumi. Waarabu walikuwa wachache, hawakuijua hesabu ya mashamba wala mafuriko ya Mto Nile, basi wakaiacha kazi kwa wanaoijua. Kwa miaka zaidi ya 60 daftari za kodi za Misri ziliendelea kuandikwa kwa Kiyunani na Kikibti. Kwa watu wanaolazimishwa kusilimu hali haiwi hivyo.

Hata hivyo usimwambie mwenzako kwamba kila kitu kilikuwa shwari, maana atakukamata, na atakuwa na haki. Zama za Bani Umayya kodi ilikaza. Watawa walioachwa hapo mwanzo wakahesabiwa na wakatozwa. Kuanzia mwaka 725 Wakibti waliasi mara kadhaa kwa ajili ya kodi, na uasi mkubwa wa mwisho, wa Bashmuri, ulizimwa kwa ukali mwaka 832, khalifa Al-Maamun akiwa amekuja Misri mwenyewe. Dhulma ni dhulma hata ikitendwa na mtu anayeitwa Amirul Muuminina.

Na jambo linalowashangaza wengi ni hili: watoza kodi wa Bani Umayya hawakupenda watu wasilimu. Aliyesilimu angesamehewa jizya, na hazina ingepungua. Magavana wengine wakaendelea kumtoza jizya hata aliyekwisha kutamka shahada. Umar bin Abdul Aziz (r.a.), aliyetawala kuanzia 717 hadi 720, alipoikuta hali hiyo aliipinga. Msimamizi wake wa kodi za Misri, Hayyan bin Shureih, alilalamika kuwa kusilimu kwa watu kunaidhuru jizya. Umar akamwandikia: Allah alimtuma Muhammad kuwa mwongozaji, hakumtuma kuwa mtoza kodi. Mwambie mwenzako habari hii. Inaonyesha kuwa shinikizo la kodi lilikuwepo, na pia kwamba serikali iliyokuwa ikikusanya kodi hiyo ilikuwa na sababu ya kutaka watu wabaki na dini zao.

Nije kwenye wafasiri, kwa kuwa habari yao ni mwendelezo wa habari ya shemasi Yohana. Karibu na mwaka 700 khalifa Abdul Malik bin Marwan aliamuru daftari za Sham ziandikwe kwa Kiarabu, na za Misri zikafuata mwaka 705 au 706. Karani Mkristo aliyetaka kubaki na kazi yake ikambidi ajue Kiarabu barabara. Abbasi walipojenga Baghdad mwaka 762, nchi ilikuwa imejaa Wakristo waliokua na Kisuryani nyumbani na kanisani, Kiarabu ofisini, na baadhi yao Kiyunani cha vitabu. Ndiyo, mwenzako amesema kweli: wafasiri wakubwa wengi walikuwa Wakristo. Khalifa Al-Mahdi alimwagiza Patriarki Timotheo amfasirie kitabu cha Aristotle kuhusu kanuni za mjadala.

Aliyewapita wote ni Hunain bin Is-haq, Mkristo wa Hira, aliyefariki mwaka 873. Ameacha risala anayoeleza ndani yake vitabu 129 vya tabibu Jalinusi, nani alifasiri kipi na kwa ajili ya nani. Humo anasimulia habari ya kitabu kimoja kuhusu madhehebu za matabibu. Alikifasiri kwa Kisuryani akiwa kijana wa miaka kama 20, kutoka nakala moja ya Kiyunani iliyojaa makosa. Alipofika miaka kama 40 mwanafunzi wake Hubeish akamwomba airekebishe. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kukusanya nakala kadhaa za Kiyunani. Akazilinganisha moja kwa nyingine mpaka akapata nakala moja sahihi, ndipo akaifuata kuisahihisha tafsiri yake ya Kisuryani, na baadaye akaifasiri kwa Kiarabu. Kitabu kingine cha Jalinusi, kuhusu uthibitisho wa hoja, alikitafuta Iraq, Sham, Palestina na Misri mpaka Iskandaria. Alichopata ni karibu nusu yake tu, Dameski.

Mimi hufundisha elimu ya hadithi, na kila nikisoma maneno yale ya Hunain nahisi namsikia mtu wa fani yetu: anasafiri kutafuta nakala, analinganisha, hafichi kosa lake la ujanani. Kazi kama hiyo ilihitaji fedha. Walioitoa ni makhalifa na matajiri wa Kiislamu, wakiwemo wana watatu wa Musa bin Shakir, ambao inasemekana walitumia dinari zipatazo 500 kwa mwezi kwa wafasiri.

Ama hukumu yake: inajuzu. Mtume (s.a.w.) katika Hijra alimkodi Abdallah bin Ureiqit, mshirikina, awe kiongozi wa njia, akamwamini kwa ngamia wake na kwa uhai wake, kama ilivyo katika Sahih Bukhari. Na alimwamuru Zeid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, akajifunza kwa muda mfupi, akawa anamwandikia na kumsomea barua zao. Tiba na hesabu havina dini ya aliyeviandika. Katika falsafa ya mambo ya Mungu maulamaa walijadiliana sana, na Imamu Ghazali, aliyewapinga wanafalsafa vikali, ndiye aliyeonya kuwa anayekanusha hesabu akidhani anaitetea dini anaidhuru dini.

Nakuongezea moja kwa insafu. Al-Maamun huyo huyo anayesifiwa kwa tafsiri ndiye aliyeanzisha, mwaka 833, mtihani wa kuwalazimisha maulamaa wa Kiislamu wakiri kuwa Qur'ani imeumbwa. Imamu Ahmad bin Hanbal alikataa akafungwa, na zama za Al-Mu'tasim akapigwa mijeledi. Kwa hiyo mwenzako akikuuliza kama yuko khalifa aliyelazimisha watu katika itikadi, jibu ni ndiyo, na waliolazimishwa hapo walikuwa Waislamu.

Wallahu a'lam.