Jedwali la usafirishaji lenye maghala ya kati: bafa inaingia wapi, na ulalo unasomwaje

Swali: "Nina viwanda V1 (tani 100) na V2 (tani 80). Mzigo unapitia maghala G1 na G2 kwenda kwa wateja W1 (60), W2 (70) na W3 (50). W2 naye anaweza kumpelekea W3. Gharama kwa tani: V1–G1 4, V1–G2 3, V2–G1 2, V2–G2 5, G1–G2 2, G1–W1 8, G1–W2 7, G2–W2 4, G2–W3 9, W2–W3 3. Nimeongeza bafa ya 180, lakini safumlalo zinajumlisha 720 na safuwima 540. Halafu ile seli ya G1–G1 ni ya nini hasa?"

Bafa ni kiasi cha ziada unachokiongezea kituo ili mzigo uweze kupita ndani yake. Tofauti ya jumla zako ni 180 kamili, yaani bafa moja nzima, na hiyo inaonyesha kosa lilipo. Umempa W2 bafa kwenye safumlalo yake kwa sababu anatuma, ila kwenye safuwima umemwachia mahitaji yake ya 70 peke yake. Bafa huingia mara mbili kwa kila kituo kinachopokea na kutuma: mara moja upande wa kutoa, mara moja upande wa kupokea, na kiasi ni kilekile. Kwa hiyo safuwima ya W2 ni 70 + 180 = 250. Usishawishike kuongeza chanzo bandia cha tani 180 ili jumla zilingane. Jedwali litalingana, lakini hicho chanzo kitawahudumia wateja wako kwa mzigo usiokuwepo. Chanzo bandia huwekwa pale tu ambapo viwanda kweli havitoshelezi mahitaji, na hilo husawazishwa kwanza, kabla ya bafa kuguswa.

V1 na V2 hawapokei kitu, kwa hiyo wanabaki safumlalo tu. W1 na W3 hawatumi kitu, wanabaki safuwima tu. Jedwali lako linakuwa hivi (x ni njia isiyokuwepo, ipe gharama kubwa mno, mfano 1000):

```
        G1    G2    W1    W2    W3  | utoaji
V1       4     3     x     x     x  |  100
V2       2     5     x     x     x  |   80
G1       0     2     8     7     x  |  180
G2       x     0     x     4     9  |  180
W2       x     x     x     0     3  |  180
--------------------------------------------
hitaji 180   180    60   250    50  |  720
```

Sasa seli za ulalo: G1–G1, G2–G2 na W2–W2. Hizo hubeba sehemu ya bafa ambayo haikutumika. Safuwima ya G1 lazima ijae 180. Ikiwa tani 80 zimeingia kutoka viwandani, 100 zilizobaki zinajazwa na G1 yenyewe, bila lori lolote kusogea, ndiyo maana gharama yake ni sifuri. Mzigo uliopita kituoni ni bafa ukitoa namba ya ulalo. Kwa G1 ni 180 − 100 = 80. Kwa W2 hesabu hiyohiyo inakupa alichopitisha kwenda kwa W3 tu. Tani 70 zake mwenyewe hazimo humo.

Ukikokotoa kwa mkono, usianze na mbinu ya gharama ndogo kwanza. Itakimbilia sifuri za ulalo, iweke 180 katika kila moja, na hapo vituo vyote vya kati vinafungwa. Viwanda vitabaki na seli za x pekee, na utaanza na gharama ya 180,000 ambayo itabidi uipunguze hatua kwa hatua. Ni rahisi zaidi kupanga njia zinazoonekana kuwa na maana, kisha kujaza ulalo kwa kutoa. Mfano: V1–G2 100, V2–G1 80, G1–W1 60, G1–W2 20, G2–W2 50, G2–W3 50. Ulalo unakuwa G1 100, G2 80, W2 180. Seli zilizojazwa ni 9, sawasawa na 5 + 5 − 1 inayotakiwa, na gharama ni 1,730.

Kutoka hapo maboresho ni mawili tu. W3 anapata mzigo wa G2 kwa 9, wakati kupitia W2 ni 4 + 3 = 7. Ingiza W2–W3 kwa tani 50: G2–W3 inaisha, G2–W2 inapanda hadi 100, na W2–W2 inashuka hadi 130. Gharama sasa ni 1,630. Kisha G1–W2 ni 7, lakini G1–G2–W2 ni 2 + 4 = 6. Hamisha tani 20: G1–G2 inakuwa 20, G2–W2 120, na G2–G2 inashuka kutoka 80 hadi 60. Gharama ni 1,610. Angalia kwamba katika kila hatua mzunguko ulipitia ulalo; ukiuruka, safumlalo na safuwima hazitalingana tena. Ukikagua seli zilizobaki tupu kwa u na v, yaani gharama ingebadilika kwa kiasi gani kwa kila tani ukiitumia seli hiyo, V2–G2 na G1–W2 zinatoa +1, G2–W3 +2, V1–G1 +3. Zote ni chanya, kwa hiyo hakuna mpango mwingine wenye gharama hiyo.

Kuhusu ukubwa wa bafa, hapa ndipo ningekuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu kosa lake halipigi kelele. Mtu anaweza kuweka 100 kwenye G2 akidhani bafa ni namba yoyote ile. Jedwali linalingana (640 kwa 640), solva inamaliza bila onyo, na jibu ni 1,630 badala ya 1,610. Kilichotokea ni kwamba G2 imezuiwa kupitisha zaidi ya tani 100, kwa hiyo zile 20 zimerudi kwenye G1–W2. Dalili ni G2–G2 kuwa sifuri. Ukiona sifuri kwenye ulalo wakati bafa ni ndogo kuliko mzigo wote, ongeza bafa ukokotoe upya. Bafa ikiwa sawa na mzigo wote, 180 kwako, sifuri ina maana tu kwamba mzigo wote umepita hapo.

Tabia hiyohiyo inafaa ukiitumia kwa makusudi: kama G2 kweli haiwezi kupitisha zaidi ya tani 100 kwa kipindi, basi bafa yake ni 100, na vituo vingine vinabaki na 180. Bafa si lazima zifanane kati ya vituo. Kinacholazimika kufanana ni bafa ya safumlalo na bafa ya safuwima ya kituo kimoja.

Ukiwa na ada ya kushusha na kupakia ghalani, usiiweke kwenye ulalo. Ukiandika 1 kwenye G1–G1, hesabu italipia tani 100 ambazo hazikufika ghalani na itasamehe 80 zilizofika, na mbaya zaidi itaanza kusukuma mzigo upitie G1 ili kukwepa ada. Iongeze kwenye kila njia inayoingia G1: V1–G1 iwe 5, V2–G1 iwe 3, ulalo ubaki sifuri.