Ukiomba maoni, utapewa maoni

Wadogo zangu wa mauzo, wiki hii nimesoma koteshoni zenu zote kabla hazijatoka. Hesabu safi, VAT iko mahali pake, hata majina ya wateja safari hii mmeyaandika vizuri. Halafu nafika chini kabisa na kukuta sentensi ileile: “Tafadhali nijulishe maoni yako.” Mwingine, kwa adabu zaidi, ameandika “Nasubiri kusikia kutoka kwako.” Utasubiri sana, ndugu yangu.

1. Jua unaomba nini, na unamwomba nani.

Hili nililipia. Nilipoanza kazi hii, kwenye kiwanda kingine cha uchapishaji pale Industrial Area, nilipata ushirika mmoja wa akiba na mikopo uliotaka kalenda 1,500 za ukutani. Karatasi ya gramu 150, rangi nne, koili juu. Shilingi 270,000 kabla ya kodi, 313,200 pamoja na VAT. Ilikuwa mapema Oktoba, wakati mzuri kabisa wa kuchapisha kalenda. Nikamwandikia katibu wao, nikaambatisha koteshoni na dizaini, nikamalizia kwa kumwomba anijulishe maoni yake.

Akanijulisha. Kwanza alisambaza barua kwa kamati nzima, nao wakafanya hasa nilichowaomba. Mwenyekiti aliona kijani cha nembo kimekaa kama cha kampuni ya simu. Mweka hazina aliuliza kwa nini isiwe karatasi moja tu badala ya kurasa kumi na mbili. Mjumbe mmoja alitaka tarehe za kufunga shule ziwekwe kwa wino mwekundu. Mwingine alituma picha ya jengo lao, imepigwa kwa simu jua likiwa nyuma ya jengo. Mimi nikawa narekebisha, natuma toleo jipya, na kila toleo naliaga kwa sentensi ileile. Maoni yakaja tena, na safari hii yalipingana na yale ya kwanza. Nilikuwa nafurahi, msinicheke: nilihesabu kila jibu kuwa dalili ya mteja moto. Bosi akiniuliza, namwambia “tunazungumza nao vizuri.”

Kumbe hakuna hata mmoja aliyekuwa ameulizwa swali ambalo jibu lake ni ndiyo. Katibu hakuwa na mamlaka ya kukubali bei, kamati ndiyo iliyokuwa nayo, na ilikuwa ikikutana kila Alhamisi ya pili. Ilikutana mara kadhaa kalenda zangu zikiwa kwenye simu za wajumbe, lakini si kwenye ajenda. Neno “endeleeni” lilikuja mwishoni mwa Novemba, mashine imeshajaa kalenda za watu waliosema ndiyo mapema. Mzigo wao ulitoka Januari, wanachama wameshatundika kalenda za duka la dawa na za bima. Tulipunguza bei ili wasikatae mzigo, na mazungumzo ya bosi na mimi siku ile sitayaandika hapa.

Sasa tazameni barua ambayo ningeituma, kwa kalenda zilezile, tuseme ni Jumatatu tarehe 6 Oktoba:

“Katibu, nina ombi moja. Tafadhali iweke koteshoni hii kwenye ajenda ya kamati ya Alhamisi tarehe 9. Wanachotakiwa kuamua ni idadi, 1,500, na bei. Wakikubali, nitumie LPO kufikia Ijumaa tarehe 10 saa kumi jioni, nami Jumatatu asubuhi nitakuletea sampuli ya rangi ofisini uitie sahihi. Ijumaa hiyo ikipita, nafasi inayofuata ya mashine ni tarehe 3 Novemba, na kalenda zitatoka Desemba. Nitakupigia simu Alhamisi jioni kujua kamati imefikia wapi.”

Angalieni kilichofanyika humo. Ombi linamhusu mtu mmoja, tena ni jambo lililo ndani ya uwezo wake. Katibu hawezi kuidhinisha shilingi 313,200, lakini ajenda anaiandika yeye. Kamati nayo imepewa mambo mawili ya kuamua. Rangi ya nembo haimo, kwa sababu rangi itajadiliwa mbele ya sampuli, na mtu mmoja tu ndiye atakayetia sahihi. Ndiyo ikitoka, kila mtu anajua kinachofuata na nani anakifanya. Kamati ikikaa kimya, bado kuna kinachofuata: simu yangu ya Alhamisi. Barua inayomwachia mteja hatua zote imekufa siku atakayosahau kuijibu.

Malipo ya awali sikuyataja, na ni makusudi. Ukimwomba mtu ajenda, LPO na nusu ya pesa kwa pumzi moja, atatafuta lile gumu kuliko yote na kusitia hapo. Pesa zinakuja na invoisi, LPO ikishafika.

2. Tarehe iwe na sababu ya kweli.

Najua mnachoogopa. Mteja ni mzee wa watu, mwenyekiti umri wa baba yako, wewe utampangia Ijumaa? Humpangii wewe, ni mashine inayompangia. “Tarehe 13 tunakata plati, kwa hiyo nahitaji LPO tarehe 10” haina ukosefu wowote wa heshima, na mzee yeyote aliyewahi kufanya biashara anaielewa. Kinachomkera ni tarehe ya uongo. Kuna kijana wetu, simtaji, aliyeandika “bei hii inaisha leo”, mteja akapiga simu wiki mbili baadaye, akapewa bei ileile. Tangu hapo mteja huyo hasomi tarehe zetu kabisa. Kama huna sababu, taja siku utakayompigia wewe, basi.

3. Ukimya si idhini ya kutumia pesa za mtu.

Wengine mmejifunza kuandika “nisipokusikia kufikia Jumatano nitaendelea.” Ni nzuri kwa mambo yanayoweza kurudishwa, kama kuhamisha kikao au kuchagua fonti ya rasimu. Lakini usikate plati wala kununua karatasi kwa sababu mteja amenyamaza. Huenda yuko kijijini kwenye mazishi, simu haina moto.

4. Maoni yakihitajika kweli, yaombe kwa jina.

“Ukurasa wa Machi: picha ya jengo au ya wanachama? Nijibu A au B kufikia kesho saa sita.” Mtu aliye kwenye matatu Mombasa Road anaweza kujibu hilo kwa kidole gumba. “Maoni yako kuhusu dizaini” anaahirisha mpaka akifika kwenye kompyuta, na akifika kuna barua nyingine arubaini. Ombi lenyewe liandikeni pia kwenye sentensi ya pili ya barua, kwa sababu kwenye simu wengi hawafiki chini.

5. Zabuni za serikali ni habari nyingine.

Haya yote muyaweke kando mkishawasilisha zabuni kwa kaunti au wizara. Sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 inamkataza mwenye zabuni kuitafuta taasisi bila kuulizwa baada ya muda wa kuwasilisha kufungwa. Hakuna “nitakupigia Alhamisi” hapo. Wakikuandikia kuomba ufafanuzi, jibu walichouliza, kwa maandishi, ndani ya muda waliokupa, na koma hapo.

Koteshoni nne za leo nimezirudisha kwenye folda ya rasimu. Ile ya shule ya Ruiru ianze, mkutano wao wa bodi ni Jumamosi na mwalimu mkuu anafunga ajenda kesho mchana.