Picha za ajali zisizofunguka X: tazameni tarehe ya kuzaliwa kabla ya kumtafuta fundi

SWALI: Mimi ni mratibu wa kikundi cha huduma ya kwanza barabarani hapa Voi. Kikundi kilianza 2009, na akaunti yetu ya X ilifunguliwa na katibu 2024. Ndiyo tunayoitumia kufuatilia ajali za barabara ya Mombasa kwenda Nairobi. Picha nyingi zinakuja zimefunikwa, tunaambiwa ni za watu wazima, na hata nikibonyeza hazifunguki. Mimi nina miaka 41! Akaunti yangu binafsi, kwenye simu hiyo hiyo ya Android, inazifungua. Kijana wa duka la simu anataka shilingi 1,500 atuwekee VPN na X nyingine "isiyo na mipaka", ila anaomba paswodi ya kikundi. Akaunti haina shida nyingine yoyote. Hata 14 Februari, siku ya kikundi, ukurasa wetu ulijaa mabaluni. Tumpe?

JIBU: Msimpe hata shilingi, na paswodi ndiyo kabisa.

Ndugu mratibu, jibu umelileta mwenyewe, nalo ni hayo mabaluni. X haijui sherehe za kikundi chenu. Inachojua ni tarehe ya kuzaliwa iliyoandikwa kwenye akaunti, na siku hiyo ikifika hurusha mabaluni kwenye ukurasa. Katibu wenu alipofika penye Birth date aliandika siku kikundi kilipozaliwa, 14 Februari 2009. Mwaka 2024 hiyo ilikuwa miaka 15, na kwa kuwa umri wa chini wa kujiunga ni 13, akaunti ikapokewa bila neno. Tangu hapo mbele ya X nyinyi ni kijana mmoja atakayetimiza miaka 18 Februari 2027. Miaka yako 41 haimo popote.

Kosa hili naliona karibu kila wiki kwa maduka, makanisa, timu za mpira, hata kwaya. Katibu simlaumu sana, maana akaunti ni ya kikundi na fomu inauliza kuzaliwa, angeandika nini tena? Lakini pale pale unapoijaza tarehe pana maandishi madogo yanayosema iwe ya mtu anayeitumia akaunti, hata kama akaunti yenyewe ni ya biashara, ya tukio au ya paka. Paka wametajwa kabisa, na bado watu hawasomi.

Sasa lile linalonichosha. Mtu akiona picha imefunikwa, anaamini zuio limo ndani ya simu au linatoka kwa kampuni ya mtandao, kwa hiyo anamtafuta wa "kulitoa". Wewe mwenyewe umeshaonyesha kwamba sivyo. Simu ni ile ile, bando ni lile lile, picha ni ile ile, na kilichobadilika ni akaunti tu. Kipimo hicho hakigharimu kitu na nawaomba watu wakifanye kabla ya kunipigia: ifungueni posti hiyo hiyo kwa akaunti ya mtu mzima mwingine, kwenye simu hiyo hiyo. Ikifunguka, simu na mtandao havina kesi. Ingekuwa mtandao umezuia, kama ilivyotokea kwa X Tanzania Mei 2025, msingeona picha moja imefunikwa na ya pili iko wazi. X nzima ingegoma. Na posti iliyozuiliwa katika nchi fulani kwa amri ya kisheria huandikwa wazi kwamba imezuiliwa katika nchi hiyo. Haisemi lolote kuhusu watu wazima.

Kinachowachanganya wengi ni kwamba kuna kufuli mbili, na kila moja ina kazi yake. Ya kwanza ni pazia. Aliyeweka picha, au X yenyewe, ameitia alama kuwa ina damu, uchi au jambo zito, basi inafunikwa kwa onyo. Mtu mzima akitaka, anabonyeza onyo na pazia linafunguka. Ya pili ni umri. Akaunti yenye umri chini ya miaka 18, au isiyo na tarehe ya kuzaliwa kabisa, hainyimwi picha tu, inanyimwa hata ruhusa ya kulibonyeza pazia. Ndiyo maana wewe unabonyeza weee na hakuna kinachotokea. Mkijaza mipangilio yote ya dunia huku tarehe ikibaki 2009, mtakuwa mnafungua dirisha la nyumba ambayo mlango wake umefungwa.

Basi anzeni na tarehe. Fungueni ukurasa wa kikundi, bonyezeni Edit profile, shukeni hadi Birth date. Wekeni tarehe ya kweli ya mtu mzima mmoja anayewajibika na akaunti. Wewe unafaa. Hapo hapo chagueni nani aione siku na nani auone mwaka, na kote wekeni Only you, ili umri wako usiwe habari ya kila mpita njia. Mtayakosa mabaluni ya kuonyesha watu, poleni. Kabla ya kuhifadhi, soma mwaka kwa sauti mara mbili. Mabadiliko ya tarehe huruhusiwa mara chache tu, na ukiteleza ukaandika mwaka unaokufanya kuwa chini ya miaka 13, akaunti inafungwa papo hapo na mnaanza safari nyingine ndefu ya kuthibitisha umri. Baada ya kuhifadhi, tokeni kwenye akaunti, ingieni upya, kisha jaribuni posti ile ile iliyokuwa imegoma.

Kama sasa mkibonyeza pazia linafunguka, mimi ningesimama hapo. Najua mtasikia kuwa kuna kitufe cha kuondoa mapazia yote. Ni kweli kipo: Settings and privacy, halafu Privacy and safety, halafu Content you see, na humo kuna Display media that may contain sensitive content. Lakini kitufe hicho hakichagui kati ya ajali na mambo mengine. Tangu 2024 sheria za X zinaruhusu waziwazi ponografia ya watu wazima walioridhia, mradi iwekwe alama. Mkikiwasha, na simu ya kikundi inapita mikononi mwa vijana wa kujitolea, mtakuwa mmeyafungua yote kwa pamoja. Kubonyeza pazia moja moja kwa picha mnayoihitaji kunachukua sekunde.

Kuna sehemu moja tu ambayo ningeigusa zaidi. Mkitafuta jina la mahali palipotokea ajali na majibu yakaja machache, wakati mnajua watu wameposti, ingieni hapo hapo Content you see, kisha Search settings, na mwone kama Hide sensitive content imewashwa. Ikiwashwa, posti zenye alama haziwekewi pazia kwenye majibu ya utafutaji. Zinaondolewa kabisa, na asiyejua huamini hakuna aliyeposti.

Mwenzako mwenye iPhone atakuja kulalamika kwamba kile kitufe cha kuondoa mapazia yote hakioni, na hapo ndipo mafundi wa uongo wanapovuna. Hakioni kwa sababu hakimo. Masharti ya Apple kwa programu zinazobeba picha za watumiaji yanataka mambo ya aina hiyo yafichwe tangu mwanzo, na anayeyataka ayafungulie kwenye tovuti. Kwa hiyo afungue Safari, aingie x.com kwa akaunti yake, abadilishe huko kama ni lazima. Mpangilio unakaa kwenye akaunti, kwa hiyo utamfuata hadi kwenye programu. Jambo hili la dakika mbili nimeona mtu akilipishwa pesa ya chakula cha siku tatu, akaambiwa simu yake "imefunguliwa kutoka Amerika".

Na tufike kwenye VPN. Inachofanya ni kuifanya X ione kama mko nchi nyingine. Haiandiki upya tarehe ya kuzaliwa, na kijana wa miaka 17 aliyepo Voi ni kijana wa miaka 17 pia akipitishwa Uholanzi. Inaweza hata kuwaongezea kufuli. Tangu 25 Julai 2025 sheria ya Uingereza inazitaka huduma zenye ponografia zihakikishe umri wa watumiaji walioko huko, kwa hiyo mkipitishwa London mnaweza kukuta X inataka kuthibitisha umri ambao Voi haikuwauliza. Nimemkuta mteja aliyelipia VPN mwezi mzima ili aondoe zuio, kumbe ndiyo iliyokuwa ikimletea.

Ile "X nyingine isiyo na mipaka" ndiyo mbaya zaidi. Ni programu iliyochezewa na mtu msiyemjua, inayoletwa kama faili kutoka WhatsApp badala ya dukani, na mnaiandikia paswodi ya kikundi kwa mikono yenu. Hata ikiwa safi, uamuzi wa umri unafanyika kwenye kompyuta za X, na programu iliyo mkononi mwako haina mamlaka nao. Aliyeitengeneza anaweza kuusoma kila ujumbe wa faragha mnaoupokea, na kikundi chenu hupokea majina na namba za majeruhi.

Ulaghai wa "badilisha kidogo tu uone maajabu" si mgeni. Machi 2021 ulizagaa uvumi kwamba ukibadilisha mwaka wako wa kuzaliwa kuwa 2007, Twitter, kama X ilivyoitwa wakati huo, itakufungulia rangi mpya. Waliojaribu walifungiwa akaunti kwa kuonekana wadogo mno, hadi kampuni yenyewe ikatoa onyo. Rangi hazikuwapo. Hao nao waliamini kuna mlango wa nyuma, na walichogusa ni sehemu ile ile ya tarehe mnayopaswa kuirekebisha kwa ukweli.

Kama katibu ameshampa yule kijana paswodi, na kwa uzoefu wangu mara nyingi swali huja baada ya tendo, badilisheni leo. Kisha Settings and privacy, Security and account access, Apps and sessions. Kwenye Connected apps ondoeni msichokitambua, na kwenye Sessions bonyezeni Log out of all other sessions. Mkishamaliza, angalieni pia barua pepe na namba ya simu zilizosajiliwa kwenye akaunti kama bado ni zenu. Mara nyingi hizo ndizo hubadilishwa kwanza, na mwenye akaunti hugundua miezi baadaye anapoomba paswodi mpya, halafu msimbo unaingia kwenye simu ya mtu mwingine.