Tukio moja la kazi linatosha kumuaga mstaafu

Swali la wiki: "Mkuu wa idara akisimama kumuaga mfanyakazi anayestaafu, aseme nini ili hotuba ibaki rasmi na bado mhusika aone kwamba ni yeye anayesemwa?"

Nasimamia mafundi katika ofisi ya maji hapa Tabora, na wastaafu wa idara yetu huagwa na mimi. Hotuba nyingi ninazozisikia ukumbini huharibiwa na sifa za jumla: mchapakazi, mwadilifu, mcheshi, mpenda watu. Ukimsomea mhasibu zinamfaa, ukimsomea dereva zinamfaa, na wageni wa viti vya nyuma huendelea na mazungumzo yao. Mimi huziacha zote, nikasimulia tukio moja la kazi kwa namna ambayo hata mke wa mstaafu, ambaye huenda hajawahi kukanyaga kazini kwa mumewe, ataelewa mzee alikuwa akifanya nini miaka yote hiyo.

Fundi tuliyemuaga mwisho alikuwa mtu wa mabomba ya zamani, yale ya enzi ambazo mji ulitegemea bwawa la Igombe, kabla maji ya Ziwa Victoria hayajafika. Valvu kadhaa za mabomba hayo zimefukiwa na vifusi na lami, na nyingine hazimo kwenye ramani. Zilikuwa kwenye daftari lake la shule, lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Nilimwomba anionyeshe daftari hilo mapema, nikawauliza na mafundi waliokuwa naye zamu, maana tukio la namna hii likikosewa hata kidogo, wenzake ukumbini hucheka. Nilichosoma ni hiki:

"Mzee wetu, usiku ule bomba kuu lilipopasuka Isevya na maji yakaanza kuingia majumbani mwa watu, sisi wenye ramani tulikuwa tukibishana valvu iko upande upi wa barabara. Wewe ulifungua daftari, ukahesabu hatua kumi na nne kutoka kona ya ukuta, ukasema tuchimbe hapo. Ulikuwa umeandika pembeni kwamba mwembe uliokuwa alama ya kwanza umekatwa, na kwamba valvu hiyo, tofauti na zile nyingine, hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Kijana wetu mmoja alitaka kuifunga haraka. Ukamshika mkono, ukaizungusha mwenyewe taratibu, ukimweleza kwamba maji yakizuiwa ghafla hupiga kishindo ndani ya bomba na kulipasua mahali pengine. Asubuhi ile ile ulisaini daftari la mahudhurio kama kawaida."

Mle ndani hamna neno "hodari", wala halikuhitajika. Vijana walioajiriwa juzi walianza kuulizana daftari atabaki nalo nani, nami nikaona hotuba imefika.

Urasmi unakaa kwenye mambo mengine. Mgeni rasmi hutajwa kwanza, kisha viongozi, lakini mstaafu na familia yake watajwe kwa nafasi yao kabla msemaji hajasema "itifaki imezingatiwa"; nimeona maneno hayo mawili yakimmeza mwenye shughuli mwenyewe. Tarehe zitoke kwenye jalada lake binafsi, na hapo pana mtego: barua ya ajira ya kwanza na barua ya kuthibitishwa kazini ni barua mbili tofauti, na anayeanza kuhesabu kwenye ile ya pili humpunguzia mtu muda wa utumishi mbele ya wanawe. Jalada hilo hilo lina barua za onyo na vyeti vya hospitali, na hayo hayatoki nje ya masjala hata kwa utani. Mafao na kikokotoo navyo visiguswe, maana mwenyewe bado anavifuatilia na msemaji hana jibu. Vilevile msemaji asiseme mzee "bado ni wetu, tutamwita" ikiwa hakuna mkataba uliokubaliwa, kwani kuna mstaafu atakayekaa nyumbani akisubiri simu.

Kwa familia huwa nasema sentensi chache tu, na huziombea ruhusa kwa mstaafu kabla ya siku yenyewe. Safari hii nilimshukuru mama kwa kuamka usiku kuwafungulia mlango watu waliokuja kumchukua mumewe, jambo ambalo mafundi wote ukumbini walilijua kwa sababu ndio waliokuwa wakibisha hodi.

Hotuba nzima ilikuwa ukurasa mmoja na nusu, kama dakika tano hivi ukisoma bila haraka. Nakala yake, iliyosainiwa na kupigwa mhuri, nilimkabidhi mzee pamoja na cheti cha utumishi, kabla ya mabati na saruji walizochanga wenzake, kwa sababu zawadi zikishaanza kuingia kwa vigelegele hakuna tena anayesikiliza karatasi.